Mianzi ya paa inayomwaga unga: mdudu, dawa na namna ya kuunga

"Shikamoo fundi. Niko Njombe, nataka kuezeka nyumba ya jiko na stoo, mita 6 kwa 4, bati geji 30. Mbao zimepanda bei na nyumbani tuna shamba la mianzi ya ulanzi, jirani naye ana ile mikubwa ya njano. Shida ni kwamba banda la kuku tulilopaua kwa mianzi mwaka juzi limeanza kumwaga unga na papi mbili zimeshakatika. Fundi wangu anasema nikate mwezi ukiwa mchanga, nipake oili chafu halafu nipigilie misumari kama mbao. Ni sawa? Na kenchi za mianzi zinabeba kweli au niishie kwenye papi tu?"

Marahaba mwanangu. Tuanze na huo unga wa bandani maana ndio utakaotuonyesha mengine yote. Chukua kidogo uusugue vidoleni, halafu panda uangalie papi kwa karibu. Kama unga ni laini kama poda na kwenye mwanzi kuna vitundu vya duara vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, basi huyo sio mchwa. Mchwa hamwagi unga, yeye anajenga njia za udongo ukutani na anakula kimyakimya. Huyo wako ni kipekecha wa mianzi, kidudu cha kahawia iliyokolea, urefu wake kama milimita 3 tu, na ukoo wake ni mmoja na yule dumuzi wa mahindi unayemjua, yule watu waliyembatiza Skania aliyeanza kutusumbua kule Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nakutajia undugu huo kwa sababu moja, wote wawili wanafuata wanga. Kipekecha haji kwa sababu mwanzi ni mti, anakuja kwa sababu ndani ya ule mwili wa mwanzi kuna chakula ambacho shina limejiwekea akiba kwa ajili ya machipukizi ya msimu unaofuata. Ukilielewa hilo utajua mwenyewe ni ushauri gani wa kufuata na upi wa kuachana nao.

Sasa anaingiaje. Ganda la nje la mwanzi ni gumu na linateleza, lina nta na madini yale yale yanayofanya mchanga uwe mgumu, kwa hiyo kipekecha mara nyingi hapiti hapo. Anaingilia pale ulipokata kwa msumeno, pale ulipochana matawi ukaacha kidonda, kwenye ufa, na kwenye tundu la msumari. Jike anapekecha, anataga, na funza wanaototolewa wanakula kwa kufuata urefu wa mwanzi chini ya ganda, ndio maana papi inaonekana nzima kabisa mpaka siku inapokatika. Vile vitundu unavyoviona kwa nje vingi ni vya kutokea, yaani ukishaviona ujue kizazi kimoja kimeshamaliza kula na kinahamia kwingine. Na hangoji mwanzi ukauke, anaweza kuanza siku chache tu baada ya kukata, wakati mianzi yako bado imelazwa uani inasubiri fundi.

Ndio maana oili chafu haisaidii. Mbao ina njia za kupitisha maji kwa upana, ukipaka kitu kinanyweka kiasi. Mwanzi hauna njia hizo, mirija yake yote inakwenda kwa urefu, kutoka chini kwenda juu, na ganda lile lile linalomzuia mdudu linaizuia na oili pia. Ukipaka unapata mwanzi mweusi unaong'aa kwa nje na wanga wote uko pale pale ndani, na zile ncha ulizokata zimepata oili kidogo tu kwa juu. Halafu kumbuka unaniambia ni nyumba ya jiko. Oili juu ya moto wa kuni sio kitu cha kushauriana, hapo mimi nasema hapana moja kwa moja. Chumvi nayo watu wanaiulizia sana, jibu ni hilo hilo, tena inakula misumari na mabati.

Ukate mwezi ukiwa mchanga au mpevu, sitagombana na wazee, ila mwezi hauwezi kufanya kazi ya dawa na wala hauwezi kushinda majira. Majira ndiyo yenye uzito. Kule kwenu mvua zinaanza Novemba hivi na kwenda mpaka Aprili au Mei, na wakati huo ndio mianzi inachipua na nyie mnagema ulanzi. Ina maana ukikata Oktoba, kabla mvua hazijaanza, unakata mwanzi ulioshiba wanga kwa ajili ya kuchipua, yaani umemwandalia kipekecha karamu. Ukikata katikati ya mvua unaumiza machipukizi na mianzi inakuwa na maji mengi. Wakati mzuri ni mvua zikishakatika, mwisho wa Mei, Juni mpaka Julai, kwa sababu akiba imetumika kukuzia machipukizi na shina bado halijajijaza upya. Kama unataka kuona kwa macho yako, nunua kichupa cha ayodini ya vidonda duka la dawa, kata kipande kibichi, dondoshea tone kwenye sehemu uliyokata usubiri dakika moja mbili. Ikigeuka bluu nyeusi hapo kuna wanga wa kutosha, ikibaki na rangi yake ya kahawia wanga ni kidogo. Jaribu kwenye mashina tofauti ya shamba lako, yanatofautiana.

Umri nao. Mwanzi unamaliza kurefuka na kunenepa ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo unene haukwambii kitu kuhusu umri, na hapa ndipo wengi wanapokosea wanakata wa mwaka mmoja kwa sababu ni mkubwa na mzuri. Huo bado ni laini, una maji mengi, ukikauka unajikunja na kusinyaa. Unaotaka ni wa miaka 3 mpaka 5. Kijana bado ana yale maganda makavu yamemshika kwenye vifundo na unga mweupe wa nta unaofutika kwa kidole, rangi imewaka. Mpevu maganda yameshadondoka, rangi imefifia, ana mabaka meupe ya kuvu na ndevu za miti, na ukimgonga kwa kisu anatoa mlio mkali, sio ule mlio mzito wa kitu chenye maji. Njia ya uhakika zaidi ni kuweka alama ya rangi kila mwaka kwenye machipukizi yaliyotoka mwaka huo, rangi moja kwa mwaka mmoja, baadaye hubahatishi.

Kwenye shamba la ulanzi kuna jambo lake moja. Chipukizi ukishaligema umelikata kichwa, halirefuki tena, kwa hiyo shina lililogemwa haliwezi kukupa nguzo ya paa. Kama familia inagema mashina yote kila mwaka utajikuta una kichaka kikubwa na mianzi ya kujengea hamna. Kaa na wazee mkubaliane kwamba matungu kadhaa hayagemwi, yanaachwa kwa ujenzi. Ukianza leo utayavuna baada ya miaka mitatu, ila nina imani kwenye shamba kubwa hukosi mashina yaliyoponyoka kisu.

Tukija kwenye aina, wewe una bahati bila kujua. Mwanzi wa ulanzi ni mnene wa nyama, kuelekea chini unakuwa karibu hauna uwazi kabisa, na unene wake wa sentimita 4 mpaka 7 hivi ndio haswa unaofaa papi. Unashika skrubu vizuri kuliko mwanzi wowote mwingine tulionao huku kwetu. Ubaya wake haujanyooka sana, utachagua mingi ili upate michache iliyonyooka. Ule wa njano wa jirani, wenye michirizi ya kijani, ni Bambusa vulgaris, ndugu wa ule wa kijani uliojaa mabondeni na pembezoni mwa mito. Unaonekana na nguvu na kweli unene wake unafaa kenchi, lakini ni mmoja kati ya mianzi yenye wanga mwingi sana na kipekecha anaupenda kuliko yote, bila dawa iliyoingia kweli kweli usiupandishe juu. Sitashangaa nikisikia banda la kuku mlilipaua kwa huo. Ule mwanzi wa milimani, Yushania alpina, wa kule Rungwe na safu za Uporoto, umenyooka vizuri ila ukuta wake ni mwembamba, unafaa fito na dari, tena mwingi uko ndani ya misitu ya hifadhi, usiende kukata bila kibali. Kama karibu yako kuna mtu aliyepanda mwanzi mkubwa wa Asia, Dendrocalamus asper, mwenye ukuta mnene wa sentimita moja na zaidi, huo ndio ningeuchagua kwa kenchi kabla ya wa njano.

Haya, dawa. Inayofaa kwa paa la nyumba ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Hii haiukingi mwanzi kwa kuupaka, inatembea ndani yake pamoja na maji yaliyomo kwenye nyama mpaka ienee, na funza akila nyama yenye dawa anakufa, mchwa pia. Boraksi utaipata kwa wauza kemikali, hata wale wanaowauzia wachimbaji wa dhahabu maana wanaitumia kuyeyushia. Udhaifu wake mmoja ni kwamba maji yakiendelea kuupiga mwanzi yanaitoa dawa tena, kwa hiyo haifai kwa nguzo ya kuchimbia chini wala papi inayochungulia nje na kunyeshewa. Chini ya bati lisilovuja ndio mahali pake.

Kwa nyumba yako chimba shimo refu kama jeneza, urefu mita 5, upana nusu mita, kina sentimita 40, tandika nailoni nzito mara mbili bila tundu. Ukishapanga mianzi ndani utahitaji kama lita 600 za dawa kuifunika. Kwa lita 600 weka boraksi kilo 18 na asidi ya boriki kilo 12, hiyo ni nguvu ya asilimia 5, kwa kila lita 100 ni kilo 3 na kilo 2. Usizimwage zikiwa kavu shimoni, zitakaa chini. Chemsha maji kwenye pipa, yeyusha kidogo kidogo huku unakoroga mpaka maji yawe angavu, ndipo umwage shimoni na kuongeza maji ya baridi.

Kabla ya kuzamisha, toboa vifundo vyote kwa ndani. Chukua nondo ya milimita 12 au 16 iliyochongwa ncha, ipitishe katikati ya mwanzi kutoka huku na kutoka kule mpaka kuta zote za ndani zipasuke, maana dawa inaingilia kwa ndani, sio kwa nje. Ukitazama kwa jicho moja uone mwanga upande wa pili. Kwa ule wa ulanzi ambao hauna uwazi wa kupitisha nondo, uache tu ncha zote mbili ziwe zimekatwa upya siku hiyo hiyo, na uukalishe muda mrefu zaidi. Zamisha taratibu kwa kuinamisha upande mmoja ili hewa itoke, utaona mapovu, yakiisha ndio umejaa. Weka mawe juu usielee. Mianzi yenye uwazi ikae siku 14, ya ulanzi mimi ningeiacha wiki 3. Funika shimo kwa mabati mvua isipunguze nguvu, na uzungushie kitu, kuku na mbuzi wasinywe.

Hapa kuna jambo watu wanalipuuza halafu wanalaumu dawa. Mwanzi lazima uingie shimoni ukiwa mbichi, siku ile ile au kesho yake asubuhi. Dawa inasafiri kwa kutumia maji yaliyomo ndani, na ile mirija inaanza kujiziba ndani ya saa 24 baada ya kukata. Shimo la ukubwa huu linaingiza nguzo 20 hivi kwa mkupuo, na wewe utahitaji mikupuo mitatu, kwa hiyo usikate shamba zima siku moja. Kata mkupuo wa kwanza, tibu, ukitoa ndio ukate wa pili. Dawa ile ile inatumika tena, ongeza tu iliyopungua kwa vipimo vile vile.

Vaa glavu, na unapopima zile poda funga kitambaa puani. Mama mjamzito asihusike na kazi hii. Pipa la kuchemshia lisirudi jikoni, na ukimaliza usimwage dawa bustanini wala mtoni, kwa sababu boraksi nyingi inaua mimea, bora umtafute jirani anayetaka kutibu mianzi yake umuuzie iliyobaki. Mwanzi ukishakauka hauna shida kukaa juu ya jiko wala stoo.

Kukausha ni kivulini, mianzi imesimamishwa au imelazwa juu ya vigingi hewa ipite chini, unaigeuza kila baada ya siku chache. Juani inapasuka. Kwa baridi ya Njombe hesabu miezi miwili, na usiharakishe kuifunga kabla haijakauka, nitakuambia kwa nini. Kuna jaribio moja rahisi pia: katika huo mkupuo wa kwanza kata kipande kimoja kilichotibiwa na kingine cha shina lile lile ambacho hakikutibiwa, viweke pamoja stoo mpaka mianzi mingine ikauke. Kile kisichotibiwa kikimwaga unga na chenzake kikabaki kimya, panda juu bila wasiwasi. Vyote viwili vikimwaga, dawa haikuingia, rudi uangalie kama ulitoboa vifundo.

Kuhusu kuloweka mtoni, njia ya wazee, inasaidia kiasi. Maji yanatoa wanga ndani ya miezi miwili hivi, mwanzi unanuka na kuwa na madoa, kipekecha anapungua lakini mchwa hana habari. Na moshi wa jikoni ni kweli unalinda, ndio maana mianzi ya jiko la bibi inadumu huku ya sebuleni imekwisha, moshi unaikausha na kuijaza masizi kila siku. Ila upande wako wa stoo hauna moshi, usiutegemee.

Sasa swali la kenchi. Ndiyo, kwa upana wa mita 4 na bati jepesi mwanzi unabeba, na mimi ningezifanya. Mteremko uwe kama nyuzi 22, yaani kwenye nusu upana wa mita 2 kilele kinapanda sentimita 80 hivi. Ukiongeza ukingo wa sentimita 60 nje ya ukuta, mguu wa kenchi unafika mita 2.8, kata mita 3 ili uwe na ya kupunguza. Usiupunguze ule ukingo, ndio unaozuia mvua ya pembeni isilowanishe ncha za mianzi. Kenchi 7, moja kila mita, kila moja ina miguu miwili, boriti ya chini ya kama mita 4.5 na kingiposti katikati. Mwanzi wa kazi hii uwe na unene wa sentimita 8 mpaka 10 na ukuta usiopungua milimita 8, umenyooka, hauna ufa.

Kwenye kuunga ndipo ushauri wa misumari kama mbao unapoharibu kila kitu. Nyuzi za mwanzi zimelala upande mmoja na hakuna kinachozishona kwa upana, ukiukandamiza au kuuvuta kwa urefu una nguvu ya ajabu, ukipiga msumari unachanika mpaka kwenye kifundo kinachofuata. Hata usipouona ufa siku hiyo utauona kiangazi. Kwa hiyo kila tundu linatobolewa kwa drili au keekee kwanza, na hakuna tundu kwenye ncha isiyo na kifundo. Kanuni ninayowapa vijana ni kwamba kati ya bolti na ncha ya mwanzi lazima kuwe na kifundo kimoja, na umbali usipungue sentimita 15. Ina maana unapima na kuchagua mahali pa kukata kufuatana na vifundo vilipo, huwezi kukata nguzo zote urefu mmoja kama mbao za dukani.

Chukua kiungo cha mguu na boriti pale juu ya ukuta, ndicho kinachobeba zaidi. Laza mguu ubavuni mwa boriti, toboa vyote kwa pamoja, pitisha bolti ya milimita 12 yenye washa pana pande zote mbili, kaza mpaka ikamatane basi. Ukikaza kwa nguvu zako zote utasikia kapaa, umeponda. Ili usipondeke, chumba kile cha mwanzi kinachopitiwa na bolti kijaze mota: toboa tundu la inchi moja juu yake, sementi moja kwa mchanga laini tatu, iwe laini ya kumiminika, jaza kwa faneli huku unagonga gonga. Kwa kuwa vifundo umeshavitoboa kwa nondo, sukuma kwanza kitambaa au karatasi la mfuko wa sementi kila upande kizuie mota isikimbie. Iache siku saba kabla ya kupandisha. Kisha zungusha waya wa kufungia mara kadhaa karibu na ncha na uukaze, huo ndio unauzuia mwanzi usifunguke. Jaza mota hapo kwenye viungo vya ukutani na kileleni tu, ukijaza kila mahali unaongeza uzito wa bure.

Kingiposti unaichonga mdomo wa samaki, yaani ncha imekatwa kwa mviringo ikae imekumbatia mwanzi mwingine. Mkato huo ni mzuri pale kipande kinaposukumwa, lakini kwa kuvutwa haushiki kitu. Na kingiposti ya kenchi hii inavutwa, inainingʼiniza boriti isibonyee katikati, hasa ukija kuweka dari. Kwa hiyo mdomo wa samaki peke yake hautoshi, pitisha waya mgumu wa milimita 4 kuizunguka boriti kwa chini na kurudi kwenye kijiti cha mbao ngumu kilichopita ndani ya kingiposti juu ya kifundo, halafu uukaze kwa kuupotosha. Kila mkato na kila tundu ulilofungua baada ya kutibu ni mlango mpya wa mdudu, kwa hiyo kaa na kopo la dawa yenye nguvu mara mbili na brashi, pakaa kabla ya kuunga.

Na kukauka: mwanzi mbichi ukikauka unasinyaa hata unene wake. Kiungo ulichokifunga mbichi kikabana vizuri, baada ya miezi mitatu kinacheza na waya umelegea. Ndio sababu ya ile miezi miwili ya kivulini. Kama unatumia kamba ya katani, ilowanishe kamba, sio mwanzi, ikikauka inajikaza yenyewe. Kwa jiko ningependelea waya.

Papi sasa, na hapa nakuwa mkweli kwako kuliko wauza mianzi. Kenchi za mianzi na papi za mbao mbili kwa mbili ni ndoa nzuri, kwa sababu msumari wa bati hautakiwi kushika kwenye kitu chenye uwazi, na mianzi kwa kuwa haina unene mmoja inafanya bati liwe na mabonde, maji yanatuama kwenye maungio. Ukitaka papi za mianzi kweli tumia ulanzi mnene peke yake. Kwa geji 30 ziweke kila sentimita 70, unapata mistari 5 kila upande, kama mita 70 zote kwa jumla ukihesabu na kupishana. Vuta kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, panga ncha nene na nyembamba zikipishana, penye kushuka weka kipande chini. Papi inafungwa kwenye kila kenchi kwa waya wa mizunguko minne uliokazwa, sio msumari. Bati unalishika kwa skrubu ndefu yenye mpira baada ya kutoboa kwa drili, au unapitisha waya kwenye bati ukizunguka papi nzima na kuweka kipande cha mpira juu ya tundu.

Usiogope uzito wa paa hili kuanguka, ogopa upepo kulinyanyua, ni jepesi mno. Upepo unashika zaidi kwenye ukingo wa chini, kileleni na pembe za nyumba, kwa hiyo hapo funga kila linapokutana, usiruke. Na kenchi nazo zishike ukuta: fundi akimwaga lenta aache vipande vya nondo ya milimita 8 vimechomoza kila mita, unavikunja kuzunguka boriti. Kama ukuta umeshaisha bila hivyo, msemeshe kabla hujapandisha kitu.

Kama unataka kuwa umeshaezeka ndani ya mwezi mmoja, nunua mbao tu. Kukata, kutibu mikupuo mitatu na kukausha vinakupeleka karibu miezi minne, ukianza Juni unapaua kabla ya mvua za Novemba na muda wa kupumua unabaki kidogo. Chini ya paa bila dawa mwanzi kwa kawaida unakupa miaka 4 mpaka 7, wa jirani hata chini ya hapo. Ukitibiwa vizuri na bati lisivuje, miaka 15 sio ndoto.

Banda la kuku lipitie na bisibisi, sukuma kila papi hasa karibu na misumari, inapozama toa. Zilizotoka zichome, usizirundike karibu na mianzi mipya.

Hesabu nilizokupa ni za chumba cha mita 4 na bati. Ukibadilisha mawazo ukataka vigae, ukataka upana wa zaidi ya mita 5, au jengo likawa la watu wengi, usitumie maelezo yangu ya kuandika, mpelekee mhandisi wa halmashauri michoro wakati unafuata kibali cha ujenzi. Na hata kwa hili la kwako, kenchi ya kwanza iungeni chini, isimamisheni juu ya matofali mawili kama itakavyokaa ukutani, wasimame vijana wawili kileleni. Ukiona mguu unachanika kwenye bolti au boriti inalia, piga picha ya kiungo kwa karibu umuonyeshe mtu aliyewahi kufunga mianzi kwa mikono yake kabla hamjatengeneza zile sita zilizobaki.